Tangazo la kiwanja lisilompotosha mnunuzi: namna ya kulikagua kabla halijatoka

Tangazo hili niliandika mimi mwenyewe, wakati nikiifanyia kazi kampuni moja ya kuuza viwanja jijini Dar es Salaam:

"VIWANJA DAR! Dakika 20 tu kutoka Mbagala Rangi Tatu. Bei kuanzia 9,000 kwa mita ya mraba. Vimepimwa, hati ipo. Maji, umeme, shule na zahanati vipo. Lipa kidogo kidogo miezi 12 BILA RIBA. Vimebaki 3! Ofa mwisho Jumapili. Weka kishika nafasi 200,000 leo. Miliki milele, warithishe wanao."

Miezi michache baadaye alikuja ofisini mwalimu mstaafu aliyenunua kwa kiinua mgongo chake. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akaweka kipeperushi mezani. "Kijana wangu," akasema, "hizi dakika ishirini, ulizihesabu ukiwa umepanda nini?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimezihesabu kabisa. Nilipewa na mtu wa mauzo, nikaziandika.

Tangu siku hiyo kila tangazo linalopita mikononi mwangu hulipitisha kwenye hatua zifuatazo. Nimechagua viwanja kwa sababu ndiko nilikokosea, na kwa sababu hapo mtu hutoa akiba ya miaka mingi kwa kitu ambacho mara nyingi amekiona mara moja tu, juani, akiwa na mwenyeji wa kumwonyesha.

Kwanza ujue kipimo cha sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kufanya jambo linalopotosha mlaji au linaloelekea kumpotosha. Zingatia hayo maneno "linaloelekea kumpotosha". Kujitetea kwamba hukukusudia kudanganya hakukuokoi, na wala si lazima awe ameshapatikana mtu aliyepata hasara. Kenya wamelipeleka jambo hili hadi kwenye Katiba: Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na anachonunua, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Kwa hiyo anayehesabiwa hapa ni yule anayelisoma tangazo, ameelewa nini. Ulichokuwa nacho moyoni ulipoandika kinabaki kwako.

Hatua ya 1: Livunje tangazo, dai moja mstari mmoja

Chukua karatasi. Kila jambo ambalo tangazo linadai, liandike kwenye mstari wake, hata lile lililomo kwenye picha. Tangazo langu la maneno machache lilitoa mistari zaidi ya kumi: mahali, muda wa safari, bei, upimaji, hati, maji, umeme, shule, zahanati, riba, idadi iliyobaki, na kadhalika.

Kisha kwa kila mstari jiulize: je, mtu anaweza kwenda na futi, saa, kalamu au barua ya ofisi akaonyesha kwamba ni kweli au si kweli? "Mandhari ya kupendeza" hayapimiki. Huo ni upambaji wa kawaida wa sokoni na kila mnunuzi anaujua, kama anavyojua kwamba machungwa ya kila muuzaji ni matamu. "Dakika 20" zinapimika. "Hati ipo" inapimika. Vinavyopimika ndivyo utakavyovibeba kwenda hatua ya pili, na hapo ndipo kazi ilipo.

Usidanganyike na neno dogo. Kwenye tangazo langu neno "DAR" lilikuwa dai, tena la uongo. Eneo lenyewe liko ndani ya Vikindu, Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Mpaka wa mkoa unabadilisha halmashauri utakayoshughulika nayo, ofisi ya ardhi utakayokwenda, na mara nyingi bei yenyewe.

Hatua ya 2: Nenda ukaone, kisha uweke ushahidi kwenye faili

Usikubali dai la kusimuliwa. Kwa umbali, nilijifunza kufanya hivi: panda usafiri atakaopanda mnunuzi, saa atakayosafiri. Nilipanda daladala Rangi Tatu saa kumi na moja jioni, siku ya kazi, nikateremka Vikindu, nikachukua bodaboda kuingia ndani kilomita 9 za barabara ya udongo. Ilinichukua saa moja na dakika ishirini. Zile dakika 20 zilikuwa za gari binafsi, alfajiri, na mwisho wake ni pale lami inapoishia. Tangu hapo siandiki dakika. Naandika kilomita na aina ya barabara, kwa sababu kilomita hazibadiliki kwa foleni.

Kwa ardhi yenyewe kuna maneno manne ambayo watu wa mauzo huyachanganya, na mnunuzi akiyasikia yote huyaona ni kitu kimoja. La kwanza ni mchoro wa mipango miji, ule ambao mtaani wanauita "TP". Unaonyesha eneo limepangwa liwe nini: makazi, barabara, shule, eneo la wazi. Mchoro ukipitishwa bado hakuna kiwanja kilichopimwa. La pili ni upimaji: mpima ameweka bikoni kwenye kona, na ramani ya upimaji imeidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. La tatu ni hati ya shamba zima, ambayo iko kwa jina la kampuni au la mwenye shamba wa mwanzo. La nne ni hati ya kiwanja chako wewe, kwa jina lako, na hiyo ndiyo mnunuzi anayoiwaza anaposoma "hati ipo".

Sisi tulikuwa na la pili na la tatu. Bosi alipoulizwa alisema, "Si hati ipo? Si hii hapa kabatini?" Ilikuwepo kweli, ya shamba zima. Aliyenunua alipaswa kusubiri igawanywe, aombe ya kwake, na alipie gharama za serikali ambazo tangazo halikuzigusa. Dawa ya jambo hili ni kuandika hatua halisi iliyofikiwa na siyo neno "hati" peke yake. Omba nakala ya ramani iliyoidhinishwa, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kuona mmiliki ni nani na kama kuna zuio au rehani, kisha weka nakala ya majibu kwenye faili la tangazo hilo, na tarehe uliyoyapata. Upekuzi wa mwaka jana hauthibitishi hali ya leo.

Na "miliki milele"? Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Muda huweza kuhuishwa, na haki hiyo hurithiwa, lakini ina masharti, likiwemo la kulipa kodi ya pango la ardhi. Neno "milele" lilinitoka kirahisi kwa sababu linapendeza masikioni. Nililifuta.

Dai jingine la kuangalia ni "kampuni iliyothibitishwa na serikali". Ukilifuatilia, mara nyingi utakuta cheti cha BRELA tu. Cheti hicho kinasema kampuni imesajiliwa. Hakisemi lolote kuhusu ardhi inayouzwa.

Hatua ya 3: Hesabu bei atakayolipa mtu wa kawaida

Hapa ndipo matangazo mengi ya kulipa kwa awamu yanapopotosha, na mara nyingi hata mwandishi wake hajui.

Anza na "kuanzia". Eneo letu lilikuwa na viwanja 62. Vya shilingi 9,000 kwa mita vilikuwa viwili, vyote kando ya korongo. Sitini vilivyobaki vilikuwa 12,000. Bei ya chini ilikuwa ya kweli, lakini ilitumika kama chambo: anayepiga simu anaambiwa vile vya 9,000 vimeisha, ila vipo hivi vingine. Kutangaza bei ambayo huna idadi ya kutosha ya kuuza kwa bei hiyo ni desturi mbaya inayojulikana, na mahakama na mamlaka za walaji huikamata. Kanuni yangu: bei inayotajwa kwanza iwe ile ambayo wengi watalipa. Ukitaka kutaja ya chini, taja na idadi yake na sababu yake. "Viwili kando ya korongo, 9,000."

Sasa "bila riba". Twende taratibu, maana hesabu hii inafaa kuifanya kwa kila bidhaa inayouzwa kwa awamu, iwe kiwanja, bodaboda au friji.

Taslimu ilikuwa 12,000 kwa mita. Kwa awamu, 15,000. Kiwanja cha mita 400 kwa hiyo kilikuwa 4,800,000 taslimu na 6,000,000 kwa awamu. Malipo ya kwanza asilimia 30 ya bei ya awamu, yaani 1,800,000. Inabaki 4,200,000, sawa na 350,000 kila mwezi kwa miezi 12.

Mtu wa mauzo atakwambia hiyo ni bei tu, riba haipo. Itazame kwa upande wa mnunuzi. Siku ya kwanza angeweza kumaliza deni kwa 4,800,000. Ametoa 1,800,000. Kwa hiyo alichokopeshwa kwa kweli ni 3,000,000. Kwa hizo 3,000,000 atarudisha 4,200,000. Nyongeza ni 1,200,000, yaani asilimia 40 ya alichokopa. Tena hakukaa na zile 3,000,000 mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi anapunguza. Ukizingatia hilo, gharama yake ni takriban asilimia 5.6 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Ndicho tulichokiita "bila riba", kwa herufi kubwa.

Kuuza kwa awamu kwa bei ya juu si dhambi ya biashara. Muuzaji anasubiri fedha yake na ana haki ya kuihesabia. Tatizo ni kumficha mnunuzi ile tofauti. Na katika pwani yetu hii neno riba lina uzito wa pekee, maana wapo wengi wanaoikimbia kwa ajili ya imani yao. Kulitumia kama pambo ili kuwavuta hao hasa naliona ni jambo baya kuliko kosa la hesabu. Andika bei zote mbili, jumla kwa jumla, pamoja na kiasi cha kila mwezi. Mwenye imani yake na mwenye kikokotoo chake kila mmoja atapima mwenyewe.

Kisha ongeza vilivyosahauliwa: gharama za kuomba hati, ada ya ofisi kama ipo, faini ya kuchelewesha mwezi. Kama kuna kitu mnunuzi hawezi kukikwepa, ni sehemu ya bei, na mahali pake ni ndani ya tangazo. Kusubiri akikute ukurasa wa nne wa mkataba ni kumficha.

Hatua ya 4: Yasome yote kwa pamoja, na picha zake

Inawezekana kila mstari ukawa wa kweli na tangazo zima likapotosha. Mfano mzuri ninaoujua ni wa kinywaji cha Ribena huko Nyuzilandi. Matangazo yalisema matunda yanayotengenezewa Ribena yana vitamini C mara nne kuliko machungwa. Kuhusu matunda, ilikuwa sawa. Mwaka 2004 wanafunzi wawili wa sekondari walipima vinywaji kadhaa kwa ajili ya mradi wa sayansi shuleni, wakakuta kile cha kunywa moja kwa moja kina vitamini C kidogo mno. Suala lilifika mahakamani, na mwaka 2007 kampuni ikakiri makosa na kutozwa faini ya dola za huko 217,500. Aliyesoma tangazo hakuwa ananunua tunda. Alikuwa ananunua kinywaji, na kuhusu kinywaji ndiko alikopotoshwa.

"Shule na zahanati vipo" ni Ribena yetu. Vilikuwepo, wilayani. Zahanati ilikuwa kilomita 4 kutoka eneo letu, shule ya msingi kilomita 3, na watoto hupita njia isiyo na taa. Umeme ulikuwa umefika, kwenye nguzo mita 600 kabla ya kiwanja cha kwanza. "Maji yapo" ilimaanisha kisima kimoja. Kila huduma iandikwe na umbali wake, na kama haijafika iandikwe haijafika.

Picha nazo ni maneno. Tuliweka picha ya barabara ya lami yenye miti pembeni, ambayo haikuwa ya pale. Tuliweka pia mchoro wa kompyuta wa nyumba za kisasa zenye bustani. Ukitumia mchoro, andika juu yake, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo, kwamba ni mchoro. Picha ya eneo iwe ya eneo hilo, ya mwaka huo, na uweke angalau moja ya barabara ya kuingilia. Maandishi madogo ya chini hayafuti picha kubwa ya juu. Mtu hutazama picha kwanza na wengi huishia hapo.

Hatua ya 5: Angalia unamsukuma vipi

Hadi hapa tumezungumzia ukweli. Shinikizo ni jambo jingine: unaweza kumwambia mtu kweli tupu na bado ukamnyang'anya nafasi ya kufikiri.

"Vimebaki 3!" ilikaa kwenye ukurasa wetu wiki saba. "Ofa mwisho Jumapili" ilihuishwa kila Jumatatu. Kwenye Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2005 kuhusu biashara isiyo ya haki yameliweka jambo hili katika orodha ya yanayokatazwa moja kwa moja: kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi tu ili mtu aamue haraka. Lakini huhitaji sheria ya Ulaya kulipima. Jiulize hivi: mteja akija Jumatatu asubuhi na fedha zile zile, utamkatalia ile bei? Kama utampokea, basi Jumapili haikuwa mwisho, na huna ruhusa ya kuiandika.

Kama mwisho upo kweli, uthibitishe. Weka orodha ya viwanja yenye namba, kimoja kimoja, na alama ya kilichouzwa, kilichoshikwa na kilicho wazi, na ihuishwe kila jioni. Idadi kwenye tangazo itoke humo. Bei ya ofa iwe na waraka uliosainiwa wenye tarehe ya kuanza na kuisha.

Shinikizo kali zaidi halimo kwenye maandishi, liko siku ya kwenda kuona eneo. Basi la bure linaondoka saa mbili asubuhi na kurudi jioni, na kati yake hakuna usafiri mwingine. Watu wamepewa soda na chakula, wanajisikia wana deni la fadhila. Mtu wa mauzo anapokea simu mbele yao: "Kile cha kona? Subiri, nina mama hapa anakitazama." Wakati mwingine hakuna mtu upande wa pili. Nimeona pia watu waliopandishwa basi kujifanya wanunuzi, wakalipa kishika nafasi mbele ya wote, na kurudishiwa ofisini. Hili halina namna ya kurekebishwa. Ukiliona kwa mteja wako, acha kazi hiyo.

Yanayorekebishika ni haya. Kishika nafasi kirudishwe chote mtu akighairi ndani ya siku zinazotajwa, nami hupendekeza saba, na sharti hilo liwe ndani ya tangazo na kwenye risiti. Mkataba apewe aondoke nao nyumbani kabla ya kusaini. Aliyesema "nitafikiri" asipigiwe simu zaidi ya mara moja, na akisema hapana namba yake ifutwe kwenye orodha.

Na umtazame ni nani unayemsukuma. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inalitambua hili waziwazi: katika kupima kama muuzaji ametumia udhaifu wa mtu, huangaliwa kama alijua kwamba mlaji hawezi kulinda maslahi yake kwa sababu ya ulemavu, kutojua, kutosoma au kutoielewa lugha ya mkataba. Mstaafu aliyepokea kiinua mgongo mwezi uliopita, mjane mwenye fedha za mirathi, ndugu aliyeko Muskat au Minisota anayenunua kwa picha za WhatsApp: hawa ndio orodha za mauzo huwapenda. Kwa anayenunua akiwa mbali, mimi huweka sharti kwamba aombwe kumtuma mtu wake, si wetu, akasimame kwenye bikoni na kumpigia simu ya video kabla fedha haijatumwa.

Hatua ya 6: Ahadi iandike kama utakayoitimiza mbele ya hakimu

Wanafunzi wa sheria wa Dar na Nairobi wote wanaijua kesi ya mama Carlill wa Uingereza. Mwaka 1891 kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia kifaa chake cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na bado akaugua mafua. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haina mzaha. Mama Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya kutangaza tu. Mahakama ya Rufani, mwaka 1892, ikakataa: zile pauni 1,000 za benki zilionyesha kwamba ahadi ilikuwa ya kweli, hivyo ilipwe.

Kwa hiyo "hati ndani ya siku 90 au fedha yako yote inarudi" si pambo. Kabla ya kuliandika, uliza nani atalipa, kutoka akaunti gani, na siku 90 zinahesabiwa kuanzia lini. Sisi hatukuwa na uwezo juu ya muda wa ofisi ya ardhi, kwa hiyo sentensi pekee ya kweli ilikuwa: "Maombi yako yatapelekwa ndani ya siku 14 baada ya kumaliza kulipa, na utapewa nakala yenye mhuri wa kupokelewa."

Hatua ya 7: Wape watu watano wakusomee kwa maneno yao

Chagua watu watano wasio wa ofisini: mama ntilie wa jirani, bodaboda, mjomba wako aliyestaafu. Mpe kila mmoja tangazo kwenye simu, dakika moja, kisha lifiche. Muulize maswali matatu tu: utapata nini, utalipa jumla kiasi gani, na utafikaje. Usimsaidie. Andika majibu yao neno kwa neno. Wawili wakikosea jambo lile lile, tatizo liko kwenye tangazo, hata kama jibu sahihi limo humo. Lisogeze juu, likuze, au libadilishe maneno.

Kipimo cha pili huja baada ya kutoka. Waambie wapokea simu waandike kila mteja anaposhangaa: "Kumbe ni Mkuranga?" "Kumbe hati si yangu?" Hizo "kumbe" zihesabu kila Ijumaa. Kila "kumbe" inayojirudia ina mstari wake kwenye tangazo.

Tangazo letu baada ya hatua hizi lilikuwa hivi:

"Viwanja 41 vya makazi, Vikindu, Wilaya ya Mkuranga, Pwani. Kilomita 9 kutoka lami ya Barabara ya Kilwa, njia ya udongo. Wakati wa masika gari dogo hukwama. Mita 400: shilingi 4,800,000 taslimu, au 6,000,000 kwa awamu (1,800,000 kwanza, kisha 350,000 kwa miezi 12). Vimepimwa, bikoni zipo. Hati ya jina lako itaombwa ukimaliza kulipa. Gharama za serikali ni juu yako, tutakuonyesha ankara ya kiwanja kilichotangulia. Umeme mita 600, maji ya kisima, shule kilomita 3, zahanati kilomita 4. Kishika nafasi 200,000, kinarudi chote ukighairi ndani ya siku 7."

Bosi alilisoma mara mbili. "Ukiandika gari hukwama, nani atapiga simu?"

"Watakaopiga, bosi, ni wale ambao wakifika hawatageuza."

Simu zilipungua, ni kweli. Waliopanda basi wakarudi bila kuuliza chochote nao walipungua. Jambo moja halikutibika mapema: madalali walichukua tangazo, wakakata mstari wa masika na wa bei ya awamu, wakalisambaza kwenye makundi yao. Ikabidi kila dalali apewe maandishi yale yale kwa saini, na sharti kwamba akiyabadilisha kamisheni yake haitoki.

Hatua ya 8: Kosa likishatoka

Kufuta posti hakutoshi, maana aliyeisoma jana bado anaiamini. Weka sahihisho mahali pale pale lilipokuwa tangazo, kwa ukubwa ule ule, ukitaja kilichokosewa: "Tulisema dakika 20 na kwamba hati ipo. Si sahihi. Hali halisi ni hii." Liache lionekane angalau kwa muda ambao kosa lilikaa. Kisha chukua orodha ya waliolipa katika kipindi hicho na uwapigie mmoja mmoja, ukiwapa chaguo la kubaki au kurudishiwa fedha, na kuwaeleza kwamba wakitaka kulalamika Tume ya Ushindani iko wazi kwao.

Mwalimu nilimpigia mwenyewe. Nilimsomea tangazo la zamani, kisha hali halisi, mstari kwa mstari, kama nilivyoviandika kwenye karatasi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama zile 350,000 za miezi mitano nazo zitarudi. Nikamwambia zote, kwa awamu mbili, na tarehe zake. Akaniomba nimwandikie, nimpelekee kwa mkono.

Nilimpelekea.